Neti feki na katriji feki za filta: maswali mnayouliza kila siku

Tunapokea picha nyingi za neti zenye dawa na katriji za filta za maji, na maswali yanajirudia, basi tumeyaweka yote hapa. Soma kwanza kabla hujatuma picha, inawezekana jibu lako liko humu tayari.

Nitume picha gani ili mniambie neti yangu ni orijino au feki?

Kwa neti tunataka picha nne. Mfuko wa nje mbele na nyuma, ile lebo ndogo iliyoshonwa kwenye neti yenyewe (hii ndo ya maana kuliko zote na ndo watu wengi wanaisahau), na kitambaa kwa karibu sana, rula ikiwa imelazwa juu yake. Piga mchana karibu na dirisha, usitumie flashi maana plastiki inang'aa halafu maandishi yote yanapotea. Ukituma picha ya neti imeshatundikwa kitandani, nzuri imebana, sisi hapo hatuoni kitu.

Katriji nayo piga lebo nzima, ncha zote mbili, na kama ni ile nyeupe ya uzi ulioganda piga na tundu la katikati.

Na tuelewane mapema. Picha inaweza kuonyesha kwamba bidhaa ni feki, ila haiwezi kuonyesha kwamba ni nzuri. Tukikuta kasoro tutakwambia kasoro, tusipoikuta tutakwambia "hatujaona kasoro" na tutaishia hapo, usitubane tuandike "ni orijino".

Kwa nini hamuwezi kuthibitisha? Lebo si imeandika kila kitu?

Kwa sababu dawa haionekani. Lebo inasema kiasi fulani cha dawa, lakini kujua kama kweli kimo mpaka kipande cha neti kiende maabara kupimwa, au kiwekwe mbu hai dakika tatu kisha wahesabiwe wangapi wameanguka ndani ya saa moja na wangapi wamekufa baada ya saa 24. Hakuna simu inayofanya hiyo kazi.

Na usidhani ni mambo ya feki tu. Papua Guinea Mpya watafiti walichukua neti mpya ambazo hata mifuko yake haijafunguliwa, za kiwanda halali kabisa, wakakuta zilizotengenezwa kuanzia 2013 uwezo wake wa kuua mbu umeshuka vibaya ukilinganisha na za nyuma. Utafiti ulitoka 2020. Hapo lebo ilikuwa sahihi, mfuko sahihi, kitambaa sahihi, na picha zako zote zingepita. Kwa hiyo kuna neti feki, yaani mtu kaiba jina, na kuna neti halali iliyo chini ya kiwango. Sisi kwa picha tunakamata ile ya kwanza tu.

Sasa mnaangalia nini hasa kwenye lebo?

Watu wanadhani tunatafuta makosa ya spelingi. Tunayaangalia ndiyo, lakini feki za siku hizi zinaandikwa vizuri tu, na halali zingine zina Kiingereza kibovu kwa sababu zimetafsiriwa kiwandani. Tunachotafuta sisi ni ugomvi kati ya vitu vitatu: jina la neti, dawa iliyotajwa, na kitambaa chenyewe. Kila neti iliyosajiliwa ina dawa yake na kitambaa chake, haichanganyiki hovyo, na mwenye kuiga mara nyingi hilo halijui, yeye kanunua neti ya bei chee isiyo na dawa akabandika jina analoona linauza.

Chukua mifano mnayoijua. Olyset Net ni permethrini asilimia 2 na dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, uzi wa polietilini, ni mgumu kiasi, na matundu yake ni mapana, kama milimita 4. PermaNet 2.0 ni deltamethrini iliyopakwa juu ya poliesta, kitambaa laini, matundu madogo. Interceptor nayo ni poliesta ila dawa ni alfa-sipamethrini. Kwa hiyo ukiniletea mfuko wa Olyset umeandikwa deltamethrini, au mfuko wa PermaNet 2.0 wenye permethrini, sina haja ya kuona kingine.

Angalizo: dawa peke yake haikuambii kitambaa. MiraNet ya kiwanda cha A to Z cha Arusha ni alfa-sipamethrini lakini uzi wake ni polietilini, na PermaNet 3.0 paa lake ni polietilini ilhali pembeni ni poliesta. Ndo maana tunaanza na jina, tunafungua orodha ya WHO ya bidhaa za kudhibiti mbu zilizopitishwa (ipo wazi mtandaoni, tafuta `WHO prequalified vector control products`), tunaona jina hilo limesajiliwa na dawa gani na kiwanda gani, ndo tunarudi kwenye picha yako.

Kitambaa kwa picha mnakijuaje?

Kwa rula na kwa uzi. Neti za kawaida za poliesta zina matundu kama 156 kwenye inchi moja ya mraba, maana yake ukihesabu kwa mstari unapata kama matano kwenye sentimita moja. Olyset kwa sentimita hiyohiyo unapata mawili, pengine matatu. Tofauti hiyo hata simu ya kitochi yenye kamera mbovu inaionyesha, mradi rula ipo.

Halafu vuta picha kwa karibu uangalie uzi. Uzi wa Olyset ni mmoja mzima, kama mshipi wa kuvulia. Uzi wa poliesta ni vijinyuzi vingi vyembamba vimekaa pamoja, ukikwaruza kwa kucha vinaachana.

Ukitaka uhakika zaidi kuna kipimo cha nyumbani na sisi tunakipenda sana. Kata kiuzi kidogo kwenye upindo wa chini, pale kitambaa kilipozidi, usitoboe neti. Weka maji kwenye glasi, dondosha tone la sabuni ya vyombo, zamisha kiuzi kwa kijiti mpaka viputo vya hewa vitoke, kisha kiachie. Polietilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. Poliesta ni nzito, itazama chini. Sabuni usiisahau maana bila sabuni hata poliesta inaweza kuelea kwa sababu ya hewa iliyonasa na utamsingizia mwenye duka wa watu. Ukimaliza nawa mikono, maji mwaga chini kwenye udongo, na glasi isiwe ya kunywea tena. Na msichome uzi kwa kiberiti kama mnavyoshauriana huko, ule una dawa ya wadudu, moshi wake hauna faida kwako.

Naomba mfano mmoja mlivyoamua, kuanzia mwanzo.

Sawa. Dada mmoja kanunua neti futi 6 kwa 6 mnadani, mfuko wa plastiki una zipu, jina kubwa la Olyset, rangi ya bluu. Muuzaji alimwambia ni "ile ya hospitali".

Picha ya mfuko: chini ya jina imeandikwa permethrini asilimia 2, vizuri, inakubaliana na jina. Nchi ya kutengenezwa imeandikwa Tanzania. Hapo watu wengi wangesema ahaa feki, hiyo si ya Wajapani? Hapana. Sumitomo ndio wenye teknolojia lakini A to Z wanaitengeneza Arusha tangu 2003, kwa hiyo hilo halina shida. Mpaka hapo neti ilikuwa inashinda.

Tukamwomba lebo ya kushonwa. Kwanza akasema haipo, baadaye akaikuta kwenye kona, kikaratasi cha kitambaa kimechapwa upande mmoja: ukubwa, "poliesta asilimia 100", basi. Hakuna jina la dawa, hakuna namba ya bechi, hakuna tarehe. Ugomvi ndo umeanzia hapo, mfuko unasema Olyset na lebo inasema poliesta. Lakini lebo inaweza kukosewa, kwa hiyo tukataka kitambaa. Kwa rula tukahesabu matundu matano kwa sentimita, uzi una vijinyuzi vingi. Akafanya kipimo cha maji na uzi ukazama.

Kwa hiyo tulichomjibu ni hiki: hii si Olyset. Hatukumwambia "haina dawa", kwa sababu hatujui, pengine mtu kaichovya kwenye kitu. Tulichojua ni kwamba alichouziwa sicho kilichoandikwa.

Mfuko ndo ulikuwa mzuri kuliko vitu vyote. Wanaoiga huweka hela kwenye mfuko.

Kwenye mfuko kuna nembo ya WHO kabisa, bado mnatia shaka?

Ndo tunatia shaka zaidi. WHO hawaruhusu nembo yao itumike kutangaza bidhaa ya mtu, hata bidhaa iliyo kwenye orodha yao. Maneno ya kwamba imependekezwa na WHO unaweza kuyakuta kwenye mifuko ya zamani ya halali, maneno hayo tu hatuyahukumu. Ila ile nembo ya buluu imekaa kubwa katikati ya mfuko, hapo anza kukagua vingine vyote kwa jicho kali.

Neti yangu haina mfuko wala sili, nimepewa hivihivi. Ni feki?

La. Neti nyingi za kampeni zinakuja kwenye marobota, zimebanwa pamoja bila mifuko ya mojamoja, makusudi ili kupunguza takataka za plastiki. Ukipewa kliniki au mtoto akaja nayo kutoka shule, kukosa mfuko si kitu. Angalia lebo ya kushonwa.

Ila kama umeinunua na imeandikwa "haiuzwi", hilo ni swali lingine. Neti yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa, ni halali, ila imechepushwa njiani, kuna mama mjamzito mahali fulani hajapata ya kwake. Si feki, ni ya wizi.

Na sili? Sili ikiwa haijaguswa si ina maana bidhaa ni mpya?

Sili ina maana mtu alikuwa na mashine ya kuunganishia plastiki kwa moto. Hizo zinauzwa Kariakoo na unaibeba kwa mkono mmoja. Ile plastiki inayonywea ya kwenye katriji ndo rahisi zaidi, unaikata, unavisha, unapuliza joto, kazi imeisha.

Kitu kinachotusaidia kuliko sili ni namba ya bechi. Kiwandani michoro ya mfuko inachapwa mapema kwa maelfu, namba ya bechi na tarehe zinakuja kupigwa baadaye wakati wa kufunga, kwa hiyo zinakuwa na wino tofauti, zimekaa upande kidogo, mara nyingine ni vidotidoti. Kwenye feki utakuta bechi na tarehe vimechapwa pamoja na mchoro, wino uleule, vimenyooka safi. Maana yake mifuko yote duniani ina namba ileile. Ukiwa dukani omba mbili tatu ulinganishe, hasa kama zimetoka kwenye maboksi tofauti. Bechi moja kwenye boksi moja ni kawaida, bechi moja kwa mzigo wa Januari na mzigo wa Agosti hapana.

Nimeweka mbu ndani ya neti hakufa. Si ushahidi huo?

Si ushahidi. Mbu wa maeneo mengi ya kwetu wameshazoea kundi hili la dawa, permethrini, deltamethrini na ndugu zao. Neti halali kabisa mbu anaweza kutua akaondoka zake. Ndo sababu zikatengenezwa neti zenye PBO ya kuidhoofisha kinga ya mbu, kama Olyset Plus, na Interceptor G2 iliyoongezewa dawa ya kundi lingine, klofenapiri. Maabara wanapima kwa mbu waliofugwa ambao inajulikana hawana usugu, wewe huyo uliyemkamata chooni humjui historia yake.

Harufu pia tuache. Neti mpya inaweza kunuka au isinuke. Harufu kali sana ya dawa ya shambani ndo iwashtue, kwa sababu kuna watu wanachovya neti za kawaida kwenye dawa ya nyanya wakauza kama zenye dawa. Ikikuwasha ngozi kidogo siku ya kwanza hilo linatokea hata kwa halali, itundike kivulini siku nzima kwanza ndo ulalie. Ikiendelea kukuwasha, au mtoto akapata vipele, itoe.

Fundi wangu anashona neti mtaani, hazina lebo yoyote. Feki?

Si feki kama hajakwambia zina dawa. Ni neti za kawaida, zinazuia mbu kwa kitambaa.

Tuje kwenye filta. Katriji nyeupe imeandikwa mikroni 0.01, inaondoa bakteria asilimia 99.99. Mnaionaje?

Tunaiona feki kwa lebo pekee. Ile nyeupe ya inchi 10, uzi wa plastiki wa PP ulioganda, kazi yake ni tope, mchanga, kutu. Saizi zake halisi ni mikroni 1, 5, 10, huko juu. Mikroni 0.01 ni kazi ya vijimrija vyenye kuta za matundu madogo sana, kitu kingine kabisa hata kwa macho. Hapa ugomvi ni uleule wa neti, lebo inasema kitu ambacho malighafi yake haiwezi.

Katriji hii ina uzuri mmoja, ukiibadilisha ile ya zamani unaweza kuikata vipande kama mkate uone ndani. Nzuri nje ni laini na ndani kuelekea tunduni inazidi kubana, ili uchafu mkubwa ukamatwe juu na mdogo ndani. Ya hovyo ni sawasawa kote, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea mpaka kati. Dalili nyingine ya matumizi: tope limepita likakaa hata kwenye ukuta wa tundu la katikati. Ukiona hivyo katriji ilikuwa pambo tu.

Muuzaji alipima kwa kile kidude cha TDS akanionyesha filta ya mwenzake ni feki maana namba haikushuka. Kweli?

Huyo amewachezea watu wengi. Kipimo cha TDS kinasoma chumvi zilizoyeyuka. Katriji ya PP, ya mkaa na mshumaa wa kauri haziondoi chumvi, namba haitashuka hata ziwe bora namna gani. Inayoshusha kwa kawaida ni membreni ya RO, ile inayochuja mpaka chumvi, watu wa visima vya chumvi Dar na Mombasa wanaijua vizuri.

Na kwa hiyo membreni kipimo ni rafiki yako kweli. Tuseme maji ya kisima yanasoma 800 na yanayotoka yanasoma 60, imeondoa 740 kati ya 800, yaani asilimia 92 na kitu, hiyo inafanya kazi. Ikitoa 500 na umeifunga leo, kwanza kagua kama imekaa vizuri na mpira wa kuzuia maji haujapinda, maana hilo peke yake linapitisha maji ya chumvi pembeni. Acha maji ya mwanzo yamwagike kama maelekezo yanavyosema, pima tena. Bado 500? Irudishe dukani na risiti. Ila namba nzuri ya TDS haisemi lolote kuhusu vijidudu, kumbuka hilo.

Imeandikwa NSF. Inatosha?

Herufi tatu tu hazitoshi. NSF ni shirika la Marekani la viwango na upimaji wa bidhaa, lina namba za viwango na kila namba ina maana yake: 42 inahusu ladha, harufu na klorini, 53 inahusu vitu vya afya kama risasi, 58 ni ya mifumo ya RO. Katriji yenye 42 halali kabisa muuzaji anakwambia inaua vijidudu, hapo katriji si feki, maneno ya muuzaji ndo feki. Halali huandika namba ya kiwango na modeli, wewe unachukua modeli ile unaitafuta kwenye orodha ya NSF mtandaoni. Jina la kampuni lipo ila modeli haipo? Usinunue. Kwa walio Kenya, alama ya KEBS ina namba ya kibali chini yake, tuma SMS kwenda 20023 ukiandika `SM#` ikifuatiwa na namba hiyo, watakujibu ni ya bidhaa gani. Soma jibu vizuri, maana kuna wanaochukua namba ya kibali cha kiwanda cha sabuni wakaibandika kwenye filta.

Nitajuaje katriji ya mkaa imetumika ikafungwa upya?

Angalia mdomoni mwake. Unga mweusi kidogo ni kawaida hata kwa mpya, ila unyevu si kawaida, wala mistari ya chokaa, wala mikwaruzo kwenye meno ya kufungia. Mpira wa kuzuia maji ukiwa umebonyea upande mmoja ujue umeshakaa mahali pengine. Lebo nayo, ikikaa juu ya gundi ya lebo ya zamani kingo zake huwa zinaonyesha.

Mshumaa wa kauri je?

Picha haisaidii sana. Uloweke usiku mzima, uzamishe majini, puliza hewa kwa mdomo kupitia kishina chake kwa mrija safi. Viputo vikitoka kama mstari sehemu moja kuna ufa, au gundi pale kauri inapokutana na kofia ya plastiki imeachia. Maji yanapita hapo bila kuchujwa, uwe orijino usiwe orijino.

Nimegundua neti ni feki. Niitupe?

Usiitupe, na mfuko usiutupe, na risiti. Tanzania peleka kwa FCC, yaani Tume ya Ushindani, kama ni suala la kuiga jina, au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa habari ya dawa. Kenya ni Mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia au PCPB, bodi ya dawa za kuua wadudu. Watataka bidhaa yenyewe na jina la duka, picha peke yake wataipokea lakini haitafika mbali.

Kama haijachanika na haina harufu kali wala haikuwashi, lalia tu mpaka upate nyingine, kitambaa bado kinazuia mbu. Chomeka vizuri chini ya godoro na usiegemeze mkono kwenye neti ukilala, hiyo ya kwako mbu atakuuma kupitia tundu bila wasiwasi wowote.